Mfuko wa Meza ya Saba

Fundi seremala wa mtaa wa Kaloleni aliniletea vipande vya nyongeza Alhamisi jioni, nikiwa nafua sare za wanangu uani. Mikono yangu ilikuwa na povu hadi viwikoni. Nilimwambia aviweke mezani sebuleni, akaviweka, akaniambia ni kumi kama nilivyoagiza, akaenda zake. Baadaye niliingia, nikajifuta mikono kwa kanga, nikavihesabu. Vilikuwa kumi. Nikaridhika.

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule moja ya Voi, na nimefundisha miaka mingi kiasi kwamba baadhi ya wazazi wanaokuja mikutanoni niliwahi kuwapigia kelele darasani wao wenyewe. Haya ninayoyasimulia yalinikuta katika shule hiyo, na sijawahi kuyasimulia yote kwa mpangilio. Mume wangu anajua nusu. Walimu wenzangu wanajua robo, tena ile robo isiyonihusu sana.

Vipande vyenyewe vilikuwa vya mbao nyembamba ya plaiwudi. Kila kimoja ni miraba mitano iliyoungana ubavu kwa ubavu. Ukitafuta namna zote za kuunganisha miraba mitano, na ukikubali kwamba kukizungusha au kukipindua kipande hakukifanyi kuwa kipya, utapata maumbo kumi na mawili, hupati la kumi na tatu. Miraba sitini kwa jumla. Nilikuwa nimeonyeshwa jambo hili katika semina ya walimu, nikarudi shuleni nikaanzisha chama cha Jumatano. Wanafunzi waliyapa maumbo majina yao. Lile la alama ya kujumlisha waliliita msalaba. Lenye umbo la herufi U waliliita karai. Lenye pembe moja kubwa, mikono miwili sawa, waliliita kiwiko. Kulikuwa na fito, ambalo ni miraba mitano mstari mmoja, na ngumi, na nyoka, na mguu, na mengine. Kazi ilikuwa kuyapanga yote kumi na mawili ndani ya trei ya mistari sita na safu kumi, bila kuacha tundu.

Wiki za kwanza walifanya kama mtu anayepakia gunia: wanaingiza kilicho rahisi kwanza, ngumi na fito na mguu, na mwishoni wanabaki wameshika msalaba mkononi, nafasi ipo lakini si yake. Niliwafundisha kinyume chake. Kilicho kigumu kinaingia kwanza, ngumi inangoja mwisho kwa sababu ngumi inaingia karibu popote. Na niliwafundisha waanze kuuliza juu ya kona.

"Msalaba unaweza kukaa konani?" niliuliza.

Wakajaribu. Hauwezi, kwa sababu wenyewe hauna kona. Ukiusukuma karibu na kona kadiri unavyoweza, mikono yake miwili inagusa kuta na kufungia mraba mmoja peke yake pale pembeni, na hakuna kipande cha mraba mmoja. Kwa hiyo hapo umeshapoteza, hata kama trei iliyobaki ni tupu na inapendeza. Acha, toa, usiendelee. Kisha nikawapa kanuni ya pili: ukikata sehemu ya trei ikatengana na nyingine, hesabu miraba yake. Isipogawanyika kwa tano, toa.

Msichana mmoja wa gredi ya tisa, aliyekaa siku zote upande wa dirisha, alisema polepole, "Mwalimu, ni kama kupogoa."

"Kupogoa vipi?"

"Nyanya yangu ana miparachichi Chawia. Tawi likianza vibaya hangoji lizae ndiyo alikate. Analikata likiwa bado dogo."

Sikuwahi kupata neno zuri kuliko hilo, nikalichukua likawa langu. Tangu siku ile tuliita kupogoa. Alikuwa mtoto wa kimya, Kiswahili chake kilikuja kwa kusitasita kama cha mtu anayetafsiri kichwani kutoka Kidawida, lugha ya kwao, na walimu wengine walimwona mzito. Mimi pia, nikisema kweli, kuna siku nilimwona mzito. Wenzake walikuwa na mikono myepesi, vipande vinagongana mezani. Yeye aliweka mikono chini ya meza na kuitazama trei tupu. Dakika kumi zingepita. Halafu angeweka vipande vinne, aondoe kimoja, anyamaze tena. Alikuwa wa kwanza kuijaza trei ya sitini, na alipomaliza hakuita mtu. Nilimkuta ameketi tu mbele yake.

Alikuwa akiishi na nyanya yake Kaloleni, katika chumba kimoja cha kupanga. Mzee yule alikuwa ameshuka kutoka Chawia kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, ili awe karibu na hospitali, na mjukuu alikuja naye ili amchemshie maji na kumsomea maandishi ya dawa. Mama wa msichana alikuwa amekufa. Baba alikuwa mahali ambapo hakuna aliyenitajia, nami sikuuliza.

Mwaka huo kamati ya walimu wa hesabu wa kaunti iliandaa siku ya mashindano Voi. Shule kumi na mbili, kila shule ilete mwanafunzi mmoja; sisi tulimchagua msichana huyo. Kulikuwa na mfadhili aliyeahidi kuwasomesha watatu wa kwanza katika shule ya bweni hadi wamalize. Mwenyekiti wa kamati, mwanamume mpole mwenye sauti ya kuimba kwaya, alinipigia simu.

"Mwalimu, ile michezo yako ya mbao. Tufanye iwe raundi ya vitendo."

"Si haki. Mwanafunzi wangu ameizoea."

"Tutaitumia kwa namna mpya, ambayo hata yeye hajaiona. Na siku yenyewe wewe hutaingia ukumbini. Watasimamia wengine."

Nilikubali. Nilibuni trei ndogo ya mistari mitatu na safu kumi, na vipande sita: msalaba, karai, ngumi, fito, mguu na nyoka. Niliijaza mwenyewe mara nyingi kuhakikisha inawezekana. Karai konani, ikikumbatia mkono wa msalaba, kisha ngumi juu na fito chini, na mguu na nyoka vikifunga upande wa pili. Inaingia vizuri kabisa. Raundi ile ingebeba nusu ya alama za siku nzima.

Nilikuwa na seti za zamani za chama, na kwa mashindano nilihitaji karai kumi na mbili. Vipande vingine vilitosha, ila karai nilikuwa nazo mbili nzima tu. Nilimwandikia fundi kwenye kipande cha karatasi: karai kumi, nikamchorea. Siku ile ya povu aliniletea kumi. Tisa zilikuwa karai. Kimoja kilikuwa kiwiko, pengine kutoka kazi aliyonifanyia mwezi uliotangulia, kimechanganyika kwenye maranda ya karakana yake. Kiwiko nacho ni miraba mitano. Uzito ni uleule, mbao ni ileile, idadi ni ileile. Nilivihesabu. Sikuvitazama. Niliketi chini sebuleni nikavigawa katika mifuko kumi na miwili ya kitambaa, kila mfuko sita, nikishika kimoja kimoja huku namsikiliza binti yangu akisoma kitabu cha shule kwa sauti. Mfuko mmoja ulipata kiwiko.

Siku ya mashindano jua lilikuwa kali, vumbi jekundu limejaa kwenye viatu vya kila mtu. Asubuhi walifanya karatasi ya maswali. Adhuhuri nilipata fununu kwamba mwanafunzi wangu alikuwa wa pili, nyuma ya mvulana mmoja kutoka Wundanyi. Alikula wali na maharage amesimama kando yangu, karibu hakuongea. Nilimwambia tu, "Tazama kwanza. Usiharakishe." Akaitikia, "Sawa, Mwalimu."

Raundi ya vitendo ilikuwa ya dakika thelathini. Mimi nilikaa nje kwenye benchi ya kibaraza, mlango umefungwa, kama tulivyokubaliana. Nilisikia mbao zikigongwa ndani, viti vikivutwa. Baada ya kama dakika tano nilisikia sauti ya msimamizi, mwalimu wa shule nyingine, ikisema kwa ukali kidogo, "Kaa chini. Kila mtu ana vipande vyake." Sikujua anamwambia nani. Kisha kimya, na kugongana kwa mbao, na mara mbili au tatu mtoto akapiga makofi ya furaha kwa kumaliza.

Walipotoka yeye alikuwa wa mwisho. Uso wake haukuonyesha chochote. Alikuja akasimama mbele yangu, mikono nyuma, kama alivyozoea kusimama akisubiri daftari.

"Umemaliza?"

"Hapana, Mwalimu."

"Umefika wapi?"

"Sijaweka hata kimoja."

"Hata kimoja? Dakika thelathini?"

"Mwalimu, haiwezekani."

Hapa ndipo ninaporudi kila mara. Alikuwa amevuta pumzi ili aendelee. Nilimjua, alihitaji pumzi mbili kabla ya sentensi ndefu. Mimi sikumpa hata moja. Nilimwambia, mbele ya walimu wa shule nyingine na wanafunzi wao waliokuwa wakicheka na kuonyeshana kwa vidole jinsi walivyopanga, "Wenzako watano wamemaliza. Usiniambie haiwezekani. Sema uliogopa. Sema ulizembea. Nimekufundisha miezi minane uje uketi na mikono chini ya meza?"

Akafunga mdomo. Alinitazama muda mfupi, kwa macho ambayo wakati ule niliyasoma kuwa ya ukaidi, halafu akatazama chini. "Samahani, Mwalimu," akasema. Hakusema lingine siku ile. Tulirudi shuleni tukiwa tumetengana hatua tatu.

Alitoka wa saba kati ya kumi na wawili. Watatu wa kwanza walipigwa picha na mfadhili.

Mifuko ilirudishwa kwangu wiki iliyofuata ndani ya kiroba. Ilikaa kwenye kona ya chumba cha walimu siku kadhaa, kisha Jumamosi moja asubuhi nikaenda kuipanga, kwa kuwa nilitaka kurudisha vipande kwenye seti za chama. Nilimimina mfuko mmoja mmoja mezani. Mifuko ilikuwa na namba za meza. Nilipomimina wa saba kikatoka kiwiko, na pamoja nacho karatasi iliyokunjwa mara nne.

Nilikitazama kile kiwiko kwanza. Nilidhani labda kimetoka kwenye seti nyingine, ndani ya kiroba. Nikatafuta karai. Nikamimina yote, nikapanga kwa mafungu. Karai zilikuwa kumi na moja.

Karatasi ilikuwa imeng'olewa katikati ya daftari, imeandikwa kwa penseli, herufi zake ndogo zilizonyooka. Ninaikumbuka neno kwa neno kwa sababu bado ninayo.

"Msalaba lazima kitovu chake kiwe mstari wa katikati. Ukiuweka unaziba safu moja yote, trei inakatika vipande viwili. Kitovu kikiwa safu ya 2, upande mfupi unabaki miraba 2. Safu ya 3, inabaki 5. Safu ya 4, inabaki 8. Safu ya 5, inabaki 11. Safu nyingine ni sawa na hizi ukigeuza trei. Kila kipande ni 5, kwa hiyo ni safu ya 3 tu. Ile 5 inayobaki ni umbo la karai, hakuna kingine kinachoingia. Mimi sina karai. Nina kiwiko. Kwa hiyo haiwezekani. Naomba mnibadilishie kiwiko."

Chini yake, kwa kalamu nyekundu ya msimamizi: "Hakujaribu. 0."

Nilichukua trei. Nilijua tayari, lakini nilichukua trei nikaweka msalaba safu ya pili, nikaona miraba miwili ya konani ikibaki kila mmoja peke yake. Nikausogeza safu ya nne, nikahesabu nane. Safu ya tano, kumi na moja. Nikaurudisha safu ya tatu, na tundu la karai likabaki pale mwishoni, wazi kama kinywa. Nilijaribu kukitia kiwiko. Nilikigeuza pande zote nne kama mtu asiyejua lolote. Alikuwa ameona yote hayo bila kugusa kipande, ndani ya dakika tano, akasimama kuomba kipande sahihi, akaambiwa akae chini. Na baada ya hapo alikaa dakika ishirini na tano na mikono yake chini ya meza, kwa kuwa hakukuwa na la kufanya. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe: ukijua tawi limekufa, usiendelee.

Nililia pale chumbani. Mfagiaji aliingia akatoka.

Jumatatu nilienda kwa mwenyekiti na karatasi ile. Alikuwa ofisini kwake, akanikaribisha chai. Aliisoma taratibu, akaisoma tena, na alikuwa mwalimu wa hesabu, kwa hiyo alielewa. Aliiweka mezani akaigusa pembe kwa kidole.

"Mtoto huyu ana akili."

"Ndiyo. Kosa ni langu. Nataka liandikwe hivyo. Nipo tayari kuandika barua."

"Ukiandika, nini kitatokea?" Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Majina yamekwenda kwa mfadhili. Wazazi watatu wameshaambiwa, wengine wameshakwenda kununua masanduku. Nimwambie yupi kwamba nafasi yake imeondolewa?"

"Raundi irudiwe."

"Wazazi wa shule nyingine watasema mwalimu aliyetengeneza vifaa ndiye anayedai irudiwe kwa ajili ya mwanafunzi wake. Watasema uliuweka mfuko ule makusudi upate sababu. Utasema nini?"

Nilimkumbuka msimamizi, nikamwomba mwenyekiti amwite. Alikuja adhuhuri, mwanamume kijana, akaisoma karatasi, macho yakawa mekundu.

"Nilidhani ni visingizio, dada," akaniambia. "Mtoto haweki kipande hata kimoja, anaandika barua. Wengine wanafanya. Nilifikiri wote wana vipande sawa."

"Nami nilifikiri hivyo."

Niliandika barua hata hivyo. Niliipeleka kwa kamati na nakala kwa mfadhili kupitia kamati. Kama nakala ilifika sijui. Jibu lilikuwa la mistari miwili, kwamba kamati inasikitika na itaboresha maandalizi ya mwaka ujao. Niliomba mwalimu mkuu wetu amtafutie msichana nafasi kwingine, akajaribu kwa moyo, milango miwili ikafunguka nusu kisha ikafungwa. Mwanafunzi mwenyewe nilikuwa sijamwambia. Nilijiambia kwamba nitamwambia nikiwa na kitu cha kumpa pamoja na maneno. Nilikuwa naogopa.

Nikiwa bado nangoja kupata kitu cha kumpa, nyanya yake alipelekwa hospitali, akakaa siku nne, akafariki. Wakamzika Chawia. Shule ilituma walimu wawili, mimi nikiwa mmojawapo. Kulikuwa na ukungu na mteremko wa kuelekea kaburini ulikuwa unateleza. Miparachichi ilikuwa pale nyuma ya nyumba, imeachwa muda mrefu, matawi yameshikana. Nilimwona msichana amekaa kati ya wanawake, kichwa kimefunikwa kwa leso. Nilimpa mkono. Hiyo ndiyo nafasi niliyoitumia, kumpa mkono na kusema pole. Sikusema jambo lile, na kweli siku ile haikuwa mahali pake. Lakini nilishukuru kwamba haikuwa mahali pake, na shukrani hiyo ndiyo inayonitia aibu.

Hakurudi shuleni isipokuwa kufanya mtihani wa mwisho. Baada ya mtihani shangazi yake alimchukua akaishi naye upande wa Taveta, karibu na kilima cha Salaita, ambako familia ililima ndizi na vitunguu.

Nilikwenda mwezi wa pili wa mwaka uliofuata. Nilitafuta nyumba yao asubuhi nzima, nikielekezwa kutoka shamba hadi shamba. Shangazi, mwanamke mchangamfu mwenye mtoto mgongoni, alinikaribisha, akanitolea kiti nje, akaenda kumwita. Alikuja kutoka mferejini, magoti yana matope, akanawa mikono kwanza kabla ya kunisalimu. Alikuwa amekonda kidogo. Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Hujaanza gredi ya kumi?" niliuliza.

"Bado. Shangazi anasema labda muhula ujao. Nilipangiwa shule ya mbali."

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, yakatoka vibaya. Nilitoa karatasi yake kwenye mkoba nikamwonyesha. Nilimwambia juu ya fundi, juu ya karai kumi na moja, juu ya mimi kuhesabu bila kutazama. Nilimwambia alikuwa sahihi, kila mstari, na kwamba kosa lilikuwa langu tangu mwanzo, na kwamba yale niliyomwambia kibarazani hayakupaswa kutoka kwenye kinywa cha mwalimu. Aliyasikiliza yote bila kunikatiza. Nilipomaliza alivuta pumzi zake mbili.

"Nilijua, Mwalimu."

"Ulijua mfuko una kosa?"

"Nilijua haiwezekani. Nilijua wewe ndiye uliyetengeneza, kwa hiyo nilifikiri unajua pia. Nilifikiri mmeniwekea makusudi muone kama nitagundua." Alifuta tope gotini kwa kidole gumba. "Nilipotoka nilifurahi. Nilitaka kukuambia kwamba nimegundua. Halafu ukasema vile."

Niliikunja tena ile karatasi.

"Baadaye nilifikiri labda mimi ndiye nilikosea. Nilijaribu tena nyumbani, kwa kuchora. Nilichora kila safu. Sikuona kosa, lakini wote walisema lipo. Nikafikiri basi sielewi. Kama kitu nilichokiona hivyo wazi si kweli, basi hesabu siielewi." Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayenipa habari za mvua. "Nikaacha."

"Lakini sasa unajua ulikuwa sahihi."

"Ndiyo. Asante, Mwalimu."

Nilimwomba aanze tena. Nilimwambia nitatafuta nafasi, nitaongea na shule, nitamletea vitabu, nitamletea seti nzima ya vipande. Alitikisa kichwa kwa adabu. Alisema vipande asingependa. Alisema akiwa na mbao zile mkononi anasikia tu kelele ya ukumbi, wengine wakipiga makofi, na yule mwalimu akimwambia akae chini. Shangazi alileta uji na ndizi za kuchemsha, tukala, tukazungumza habari za vitunguu na maji ya mfereji yanavyogawanywa kwa zamu. Zamu yao ilikuwa saa nane. Ilipokaribia, msichana alisimama, akaomba ruhusa, akashika jembe akarudi shambani. Shangazi alinisindikiza hadi barabarani. "Mtoto huyu hana maneno," akaniambia kwa fahari kidogo, "lakini ana bidii."

Alianza shule muhula uliofuata, shule ya kutwa iliyo karibu nao, mkondo wa masomo ya jamii. Hesabu anafanya ile ya lazima tu. Nilipiga simu kwa shangazi mara mbili kuuliza, mara ya pili nikahisi napiga kwa ajili yangu mwenyewe, nikaacha kupiga. Chama cha Jumatano nilikikabidhi kwa mwalimu mgeni, naye baada ya miezi michache akakigeuza kuwa cha drama kwa sababu wanafunzi walikitaka hicho. Mashindano ya kaunti yalifanyika tena bila raundi ya vitendo, nami sikuitwa.

Bado nafundisha. Mwanafunzi akiniambia jambo haliwezekani, nanyamaza, namngoja amalize, hata kama darasa linangoja nalo, hata kama kengele imelia. Mara nyingi anakuwa amekosea, na namwonyesha alipokosea, na anaondoka. Wenzangu wanasema nimekuwa na subira siku hizi.